Doti za Loresho

Shangazi yangu haiti seti ya nguo seti. Huiita doti. Koti la kijivu, sketi yake, blausi ya rangi ya maziwa na viatu vyeusi vya kisigino kifupi: hiyo kwake ni doti moja, ingawa hamna leso hata moja ndani yake. Ameishi Loresho zaidi ya miaka ishirini na kila siku hushuka mjini kwenye kazi yake ya ofisi, lakini neno hilo alikuja nalo kutoka Mombasa, nyumbani kwa bibi, ambako leso zilikaa sandukuni mbili mbili.

Aliyekulia Pwani anajua kwamba leso haizaliwi peke yake. Hutoka kiwandani vipande viwili vinavyofanana, pindo kwa pindo, mji kwa mji, jina kwa jina, na mnunuzi ndiye anayevikata na kuvishona kingo. Kimoja hufungwa kiunoni, kingine hutandwa. Bibi alikuwa hafui kipande kimoja. Hata kama kilichochafuka ni cha kiunoni tu, vyote viwili viliingia karaini, vikaanikwa pamoja na kukunjwa pamoja, kwa sababu kinachofuliwa mara nyingi huchujuka mapema, na siku moja utajikuta umevaa nyekundu chini na waridi juu. Doti iliyochujuka upande haiponi tena.

Nilikaa kwa Shangazi wiki kadhaa mwezi wa Julai, na nilipofungua kabati lake mara ya kwanza sikuelewa nilichokiona. Makabati niliyoyazoea hupangwa kwa aina: blausi na blausi, sketi na sketi, makoti mwisho. Lake lilionekana halikupangwa kabisa. Sketi nyeusi, blausi tatu, sweta, kisha sketi nyingine, blausi mbili, koti, kisha suruali. Nilidhani kuna mtu alizirudisha kwa haraka baada ya kupiga pasi, nikajitolea kumpangia.

"Hapana mwanangu," akaniambia. "Hizo ziko majumbani kwao."

Kabati lake limejengwa juu ya nguo za chini. Nilipofika alikuwa na sketi nne na suruali moja ya ofisi, na kila moja ilikuwa shina la kikundi chake. Nyuma ya shina hutundikwa blausi zinazokubaliana nalo, nyuma ya blausi sweta au koti, na sakafuni, chini kabisa ya kikundi, viatu. Nilimuuliza kwa nini asianzie na blausi, maana ndizo nyingi na ndizo watu wanazoziona mtu akiwa ameketi mezani. Sababu yake ni viatu. Urefu wa pindo ndio unaoamua urefu wa kisigino: suruali iliyokatwa kwa kiatu cha kisigino itaburura chini ukivaa kiatu bapa, na ile iliyokatwa kwa kiatu bapa itaning'inia juu ya kifundo cha mguu ukivaa kisigino. Blausi haijali kiatu. Kwa hiyo anayeanza na blausi hufika miguuni akakwama, na kwa kawaida hukwama asubuhi, hana tena wakati wa kurudi nyuma.

Ana sheria moja ambayo ilinichukua siku nyingi kuiona thamani yake. Blausi moja hairuhusiwi kuwa na mashina zaidi ya mawili. Mimi ningefikiri blausi inayokwenda na kila kitu ndiyo hazina. Yeye anaiogopa. Blausi ya namna hiyo huvaliwa kila wiki, hufuliwa kila wiki, huchakaa kabla ya wenzake wote, na siku ikichanika kwapani haiachi pengo moja bali huacha mapengo matano kwa mpigo.

Ndani ya mshono wa kila nguo, pale panapokaa ubavuni, ameshona nukta ndogo ya uzi. Kikundi cha sketi nyeusi kina uzi mwekundu, cha kijivu kina wa njano, na kuendelea. Blausi yenye mashina mawili ina nukta mbili. Alama hizo ni kwa ajili ya siku ya kufua. Mama anayekuja kumsaidia kufua kila Jumamosi huanika kwa busara yake mwenyewe, nyeupe upande huu na za rangi upande ule, na nguo zikianuliwa huwa zimechanganyika kabisa. Jumapili mtu yeyote wa nyumba hiyo, hata mtoto, anaweza kugeuza mshono, kutazama nukta, na kuirudisha nguo kwao.

Hesabu ya blausi nayo haikutokea kwa bahati. Siku za kazi ni tano, na mtu angesema blausi tano zatosha. Lakini Loresho iko juu, upande wa Kabete, na kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hushuka Nairobi yakakaa. Alfajiri baridi hufika nyuzi kumi na kitu hivi, na kuna siku jua halitoki hadi alasiri. Blausi iliyofuliwa Jumamosi katika Julai ya namna hiyo huenda isikauke vizuri hadi Jumanne. Basi anahitaji tano za wiki iliyopita, ambazo bado ziko kambani, pamoja na mbili za Jumatatu na Jumanne, na moja ya akiba kwa siku ya chai kumwagika. Jumla ni nane. Sketi hazihitaji wingi huo kwa sababu sketi yenye bitana huvaliwa mara mbili kabla ya kufuliwa, mradi ipumzike siku moja katikati ikiwa imetundikwa penye hewa. Iliyovaliwa mara moja huirudisha kabatini na mdomo wa hanga umegeuzwa nje. Akipitisha mkono gizani anajua ipi haijavaliwa na ipi imebakisha siku moja.

Nilipata bahati ya kuiona doti moja ikizaliwa, na hapo ndipo nilipoiheshimu kazi hii.

Shangazi alikuwa amenunua sketi ya damu ya mzee sokoni Toi, mtumba mzuri, kitambaa kizito chenye bitana nzima na zipu isiyokwama. Mimi ningeivaa Jumatatu. Yeye aliitundika nje ya kabati, kwenye msumari wa ukutani, na pale ilikaa majuma matatu. Nguo ngeni haiingii ndani mpaka iwe na wenzake.

Jumapili ya kwanza ilikuwa ya rangi. Alisubiri saa nne asubuhi, akaipeleka dirishani na blausi zote nane, akaziweka moja moja juu ya kiuno cha sketi. Hafanyi kazi hiyo usiku hata siku moja. Chini ya taa ya umanjano nyeusi na buluu iliyokolea huwa kitu kimoja, na damu ya mzee hufanana na kahawia. Aliwahi kufika kazini, miaka ya mwanzo, na koti jeusi juu ya sketi ya buluu iliyokolea, akagundua alipotoka kwenye matatu jua likampiga. Anakumbuka kwamba siku nzima hakusimama mbele ya mtu ila kwa lazima. Kati ya blausi nane, mbili zilikubali: ya rangi ya maziwa na ya kijivu chepesi. Kisha akazivaa. Ya kijivu ilikuwa imekatwa kuvaliwa nje, ndefu hadi nyongani, na juu ya sketi ile nyembamba ilimfanya aonekane hana kiuno wala miguu. Ikachomekwa ndani, ikajaa mabunda chini ya mkanda. Ikaondolewa. Ikabaki moja.

Jumapili ya pili ilikuwa ya mwendo. Kioo, anasema, kinamwona mtu aliyesimama wima, na hakuna anayekwenda kazini amesimama wima. Alivaa doti nzima pamoja na viatu, akaketi kwenye kiti cha chini, akanyanyuka, akainama kama anayeingia mlango wa matatu ya abiria kumi na wanne, kisha akaenda kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na kupanda kwa mguu mmoja kama anayekanyaga kipandio cha basi. Sketi ilimkaba. Mpasuo wa nyuma ulikuwa mfupi mno, na alipoketi pindo lilipanda juu ya goti likakataa kurudi. Jumatatu akaipitisha kwa fundi wake Kangemi, aufungue mpasuo vidole vinne na kuutia kingo imara. Nikaona kwamba mtu mwingine angeligundua hilo steji, mbele ya makanga na abiria wanaomsubiri apande.

Jumapili ya tatu ilikuwa ya maji, nami nisingeiwazia kamwe. Alilowesha kitambaa cheupe kidogo, akakikamua, akakibana na upande wa ndani wa pindo la sketi akahesabu hadi sitini. Kilipotoka kilikuwa na waridi. Rangi ilikuwa inatoka. Kwa sketi ya kufuliwa peke yake hilo ni usumbufu mdogo, lakini blausi yake ilikuwa ya rangi ya maziwa, na ingechomekwa ndani ya kiuno hicho hicho siku nzima. Jasho kidogo tu, au manyunyu ya kutoka nyumbani hadi steji, na ukanda wa waridi ungejichora kwenye blausi usitoke tena. Wapo wanaosema chumvi hushika rangi. Alishajaribu zamani kwa nguo nyingine na rangi ikaendelea kutoka. Anachokiamini ni maji baridi na subira: aliiloweka, akamwaga, akailoweka tena, mara nne, mpaka kitambaa cheupe kikatoka kama kilivyoingia. Kisha akashona nukta ya uzi wa kijani kwenye sketi, akaongeza nukta ya kijani kwenye blausi, akaiingiza kabatini.

Doti ile bado ilikuwa na blausi moja tu, na hilo alilijua. Alichomoa nyuzi mbili tatu kutoka mshono wa ndani wa sketi, akazizungusha kwenye kipande cha kadi, akakitia pochini. Akipita mitumbani hanunui blausi, ananunua blausi ya sketi hii, na huilinganisha na uzi ule nje juani, si chini ya turubai la kibanda, maana turubai la buluu huigeuza kila rangi.

Kazi hiyo ya Jumapili ndiyo inayoifanya ile ya usiku iwe fupi. Watu huambiwa watoe nguo za kesho usiku, na wengi wanajaribu, kisha wanaacha baada ya wiki mbili kwa sababu wanafanya usiku kazi iliyopaswa kufanywa mchana. Wanasimama mbele ya kabati saa nne, wamechoka, wanajaribu mchanganyo mpya, na badala ya kupoteza dakika ishirini za asubuhi wanapoteza ishirini za usingizi. Shangazi usiku hachagui. Kilichochaguliwa kilichaguliwa dirishani. Usiku anauliza maswali mawili tu: kesho naonana na nani, na mbingu zinasemaje. Hutoka kibarazani akatazama juu. Jibu hilo haliibadili blausi, hubadili viatu. Mvua ikiwa inanukia, viatu vya ofisi huingia mfukoni na raba hukaa mlangoni, kwa sababu udongo wa huku ni mwekundu, ule wa Kabete, unaonata kama ugali ukilowa na ukikauka kwenye pindo huacha doa la kutu. Doa hilo ukilisugua likiwa bichi unalizamisha. Linaachwa likauke, linapigwa brashi, ndipo maji.

Kisha pasi. Hupiga blausi ya pamba ikiwa na unyevu kidogo, anaanza na kola, kisha ncha za mikono, kisha mikono, mabega, na mwili mwisho, ili sehemu iliyokwisha nyooshwa isikunjwe tena na mkono unaoifuata. Akimaliza haiweki kitini. Anaitundika peke yake kama dakika kumi ipoe. Kitambaa cha moto ni laini, huchukua umbo lolote kinalolazwa nalo, na kikipoa kimekunjwa kinabaki na kunyanzi kama kilivyopigwa pasi. Wakati inapoa anapitisha vidole: vifungo vyote, hasa cha kifuani na cha mkono wa kulia, ambavyo ndivyo hulegea kwanza, pindo la sketi, zipu, juu na chini mara moja. Sindano yenye uzi iko kwenye mkebe juu ya meza ya pasi. Kifungo kilicholegea usiku ni kazi ya dakika tatu. Kikianguka alfajiri, doti nzima imeanguka.

Mwisho ni kiti. Ni kiti cha mbao cha kawaida, chenye mgongo, kimewekwa hatua mbili kutoka kitandani, na hakisogezwi. Koti huja kwanza, mgongoni mwa kiti. Juu yake sweta. Kisha sketi imelazwa kitini, zipu wazi, mbele ikiwa juu. Kisha blausi, vifungo vyote vimefunguliwa, kola ikimwelekea. Kisha shimizi, na juu kabisa nguo za ndani. Viatu viko chini ya kiti, kila kimoja na stokingi yake ndani. Hereni na saa vimo kwenye kifuko cha kitambaa kilichofungwa kwenye mgongo wa kiti. Yaani ameipanga kinyume: cha kuvaliwa mwisho ndicho cha kwanza kuwekwa. Mkono ukishuka gizani unakutana na kinachovaliwa sasa, na kilichoko chini yake ndicho kinachofuata.

Nasema gizani kwa sababu ndivyo ilivyo. Nairobi iko karibu mno na ikweta hata hakuna msimu wa alfajiri ya mapema. Mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, na Shangazi huamka saa kumi na moja kila siku. Lazima awe barabarani kabla ya saa kumi na mbili. Waiyaki Way kutoka Kangemi kwenda mjini saa hizo bado inapita. Ukichelewa robo saa nyumbani, foleni inakuongezea nusu saa yake.

Mfumo una udhaifu, naye haufichi. Mwili ukibadilika, mashina yote hubadilika pamoja, na baada ya uzazi wake wa mwisho alikaa karibu mwaka mzima na doti mbili tu. Kipande kimoja kikifa, wenzake hubaki wajane hadi apate mrithi. Koti la suti aliyoipenda liliungua kwa pasi, na sketi yake imekaa miaka miwili bila kikundi. Suti kamili huifua au kuipeleka kwa dobi vipande vyote viwili, hata kama koti halijapata vumbi, kama bibi na leso zake. Na stima hupotea. Kwa hilo ana doti moja ambayo haivaliwi katika wiki ya kawaida: gauni la kitambaa kisichokunjika, la buluu iliyokolea, na sweta yake. Hukaa mwisho kabisa wa kabati, upande wa ukuta, mahali mkono unapofika bila macho.

Usiku wangu wa mwisho Loresho stima ilipotea saa tatu na nusu, blausi ya rangi ya maziwa ikiwa mezani, kola peke yake ndiyo iliyonyooshwa. Nilianza kutafuta simu niwashe tochi. Nikasikia mlango wa kabati ukifunguka, hanga zikigongana kidogo upande wa ukuta, kisha nyayo zake zikirudi kwenye kiti. Sweta mgongoni. Gauni kitini. Shimizi. Alinitakia usiku mwema kabla sijaipata simu.

Alfajiri niliamshwa na sauti ya zipu. Stima ilikuwa bado haijarudi. Nilihesabu kwa masikio: zipu, kifungo kimoja, viatu viwili kwenye sakafu, kifuko kikifunguliwa. Zilikuwa dakika nne, labda tano. Geti lilipolia kulikuwa bado giza, na jogoo wa upande wa Kangemi ndio kwanza wanaanza.

Nilipoamka tena jua limetoka, kiti kilikuwa tupu. Mgongoni kulikuwa na hanga moja, mdomo wake umegeuzwa nje, ikilisubiri gauni hadi jioni.